Zuhura Hayupo kwa Ajili ya Juma

Wanangu mnaoandika hadithi, leo tumtazame Zuhura. Katika rasimu ya kwanza ni msichana wa Tanga, mzuri, mpole, mwenye sauti tamu. Mpenzi wake Juma akija, anatabasamu. Juma akiondoka, hatumwoni tena mpaka Juma arudi. Sasa mfuteni Juma kwenye hadithi hiyo, kisha mwulizeni Zuhura: leo unashughulika na nini? Hana jibu. Hapo ndipo msomaji anapoacha kumwamini.

Tumpe kazi na jambo analolitaka. Zuhura ni fundi cherehani, anashona barazani kwa shangazi yake. Anataka kibanda chake mwenyewe sokoni, ndiyo maana kila wiki anatoa fedha za mchezo na wanawake wenzake, akingoja zamu yake ya kupokea. Shangazi hataki aondoke. Mambo haya yangekuwapo hata kama asingemjua Juma.

Tumpe na kasoro. Wengi humpa mpenzi kasoro isiyomuumiza mtu, kama kusahau funguo. Kasoro ya kweli lazima imgharimu mtu, na iliyo bora huchipuka palepale penye uzuri wake. Zuhura ana huruma, kwa hiyo hajui kukataa. Kila anayemletea kitambaa anaahidiwa kuvaa siku ya Idi.

Sasa mambo hayo yakutane. Ni usiku wa kuamkia Idi, na magauni sita hayajakamilika. Juma anafika kumchukua, maana Zuhura alikwishaahidi kwenda naye kumsalimia mama yake Juma.

“Mama ameshapika, Zuhura. Twende.”

“Siwezi. Watoto wa watu watavaa nini kesho?”

“Basi usingeniahidi.”

“Kweli, nisingekuahidi.”

Zuhura ameweza kukataa hatimaye, na aliyekataliwa ni yule anayempenda. Juma ana haki ya kuudhika, na Zuhura ana haki ya kubaki na cherehani yake. Juma naye sasa atajulikana: ataondoka kwa hasira, au atakaa ashone vifungo?

Mtajuaje kama kazi ya Zuhura ni pambo tu? Iondoeni. Ugomvi ukibaki vilevile, kazi hiyo haikuwa na maana. Hapa bila magauni hakuna ugomvi, kwa hiyo kazi yake imeishika hadithi.

Tena, mapenzi yasimponye kasoro yake kwa usiku mmoja. Baada ya Idi atakuja mteja mwingine wa harusi, na Zuhura ataahidi tena. Mbadilisheni kidogo tu: safari hii ahesabu kwanza vitambaa vinavyomngoja, ndipo ataje siku.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika jinsi wawili hawa walivyopendana, andikeni ukurasa mmoja ambamo Juma hayupo wala hatajwi: Zuhura na shangazi wakibishania kibanda. Ukurasa huo ukiwachosha ninyi wenyewe, mtengenezeni Zuhura kwanza, kwa sababu msomaji hatamwelewa Juma kwa kumpenda mtu asiyependeza kusomwa akiwa peke yake.