L iliyopotea katika Kiswahili, na maneno yaliyokataa kuipoteza

Mchewa husema mvula, njala, kuvala na kukhala. Sisi tunasema mvua, njaa, kuvaa na kukaa. Lugha hizi mbili zina asili moja ya Kibantu, na ukilinganisha na lugha nyingine za jamii hiyo utaona kwamba L ilikuwapo tangu awali. Kiswahili ndicho kilichoiangusha. Swali ni hili: iliangushwa kwa sheria, au neno moja moja?

Mwaka 1878 Hermann Osthoff na Karl Brugmann, wataalamu wa kundi la Leipzig, walitangaza msimamo mkali: sauti ikibadilika, hubadilika katika kila neno lenye mazingira yale yale ya kimatamshi. Neno likionekana kukaidi, basi kuna sheria nyingine ambayo hatujaiona, au neno limekopwa, au limefuata mfano wa maneno mengine. Hugo Schuchardt aliwapinga mwaka 1885. Mwaka 1969 William Wang akaja na hoja iliyo wazi zaidi: badiliko linaweza kuenea neno kwa neno, na likikatika njiani huacha mabaki, yaani maneno ambayo halikuyafikia.

Tuipime L yetu, tukianza kwa kuwapa watu wa Leipzig nafasi yao. Tazama irabu inayofuata. L imepotea mbele ya A katika njaa na kuvaa, na mbele ya U katika mkuu, ambalo kwa Kichewa ni mkulu. Lakini mbele ya I imebaki: mwili, mbili, kali, kulima, kulia. Mbele ya E pia imebaki: mbele, kulea, kuleta. Kwa hiyo sheria ya kwanza tunayoweza kuiandika ni kwamba L huanguka mbele ya A, O na U, na husalimika mbele ya I na E.

Sheria hiyo inaeleza jambo ambalo kila mzungumzaji hulitumia bila kulifikiria. Tunasema kukaa lakini kukalia, kuvaa lakini kuvalia, kuzaa lakini kuzalia, kufungua lakini kufungulia. Ile L haikuchomekwa hapo. Ni ya mzizi wenyewe, na imebaki kwa sababu inafuatwa na I.

Yako maneno yanayoonekana kuivunja, lakini ukiyachunguza yanarudi kwenye mstari. Mlango una L mbele ya A, ila Waganda husema omulyango: zamani palikuwa na Y katikati, na Y hiyo ndiyo iliyoikinga L. Kula ni vivyo hivyo, maana kwa Kiganda ni okulya. Nalo hakai lingepaswa kuwa “hakali”, kwa kuwa mwishoni kuna I, lakini limefuata sura ya kukaa. Huo ni mlinganisho, na watu wa Leipzig walikuwa wameuruhusu tangu mwanzo.

Ugumu unaanza tukifika kwenye vitenzi vinavyoanza na L. Kulota kwa Kichewa ni kuota kwetu, na kuluma ni kuuma. Hapo L imeanguka mbele ya O na U kama sheria inavyotaka. Lakini kuloga kuna L mbele ya O ile ile, mahali pale pale mwanzoni mwa mzizi, na haikuanguka. Kulamba nako kumebaki, na kulala kumehifadhi L zote mbili mbele ya A. Hakuna Y ya kuzikinga, na sioni kitenzi kingine ambacho sura yake ingeigwa hapa.

Kinachobaki ni dai la mkopo. Linawezekana, kwa kuwa Waswahili wameishi karibu na majirani ambao lugha zao zimehifadhi L. Lakini dai hilo linahitaji ushahidi mwingine zaidi ya hiyo L yenyewe. Ukisema kuloga limekopwa kwa sababu tu lina L, umetumia sheria kujithibitisha, na hakuna neno litakaloweza kuipinga tena.

Kwa maoni yangu, kesi hii inazipa pande zote mbili haki yake, ila kwa mpangilio maalumu. Sheria huja kwanza. Bila hiyo tusingejua kwamba kukalia ni la kawaida na kulamba ni la ajabu, maana yote mawili yangeonekana ni maneno tu yaliyobaki na L. Mtu anayeanza kwa kusema kila neno lina historia yake angeyaacha mlango na kula bila maelezo, na maelezo yapo. Sheria ikishafika mwisho wa uwezo wake, mabaki machache kama kuloga na kulamba ndiyo yanayoielekea hoja ya Wang.

Hata hapo kuna namna ya kuijaribu. Ikiwa badiliko lilienea neno kwa neno, lahaja za pwani hazilazimiki kuwa na orodha moja ya mabaki: neno lililobaki na L huku linaweza kuwa limeipoteza kule, katika mazingira yale yale ya sauti. Zikiwa na mabaki yale yale kila mahali, turudi kutafuta sharti la kimatamshi lililotuponyoka, au dalili za mkopo wa zamani uliotangulia kutengana kwa lahaja hizo.