Kisima cha Mita Ngapi?

Anayepokea mradi katikati mara nyingi hutumiwa mlolongo mzima wa barua pepe na agizo fupi: "Soma." Hayo si makabidhiano. Mlolongo unaonyesha yaliyosemwa; mpokeaji anataka kujua mambo yamefikia wapi.

Tuseme shule inachimbiwa kisima. Machi, mkandarasi anapendekeza mita 80. Aprili, baada ya upimaji, mhandisi anaandika 110. Mei, mhasibu anaijibu barua ile ya Machi na kuidhinisha fedha za mita 80. Anayesoma barua ya mwisho tu ataamini kina ni 80. Kwa hiyo mkabidhi huanza na barua ya kwanza, akafuata tarehe, akiandika kila uamuzi ulitolewa na nani, lini, na kama ulibadilishwa baadaye. Dokezo lake litasomeka hivi:

"Kina: mita 110 (mhandisi, 14 Aprili). Fedha zilizoidhinishwa: mita 80 tu. Tofauti haijatatuliwa, mkandarasi anasubiri jibu kabla ya 3 Juni."

Swali lililokosa jibu lisiandikwe kama limekubaliwa. Ukimya wa bosi si idhini.

Viambatisho navyo hupotea kirahisi. Mtu akijibu barua pepe, kwa kawaida faili haziendi na jibu; hubaki kwenye barua ya awali, ambayo huenda mpokeaji hakuwahi kutumiwa. Ripoti ya upimaji itafutwe na kuwekwa kwenye folda ya mradi. Ahadi zilizotolewa kwa simu ziongezwe, maana hazimo kwenye mlolongo.

Kisha mhandisi na mhasibu walisome dokezo na kulisahihisha kabla mkabidhi hajaondoka.