Magando na Mkia wa Nge

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Shirimatunda alimkimbia nge mweusi mwenye magando manene, kisha akataka kumchezea mdogo wa kimanjano aliyekuwa chini ya kuni. Nikamzuia. Mwenye magando makubwa huponda windo lake kwa nguvu, hategemei sana sumu. Mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu, naye kwa kawaida ndiye wa kuogopwa.

Walakini kanuni hii ina upungufu. Huko Khuzistani, nchini Irani, yuko nge mwenye mkia mwembamba. Akichoma, maumivu ni kidogo mwanzoni, na watu huchelewa kutafuta dawa. Kumbe sumu huharibu damu na figo, hata kuua. Kwa hiyo mtoto aliyechomwa apelekwe hospitali upesi, hata kama halii.