Kumtafuta Fundi Adimu Mtandaoni

Fundi wa mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hana jina moja la kazi. Kwenye LinkedIn mmoja hujiandika mhandisi, mwingine fundi sanifu, tena wengi kwa Kiingereza. Anayemtafuta huyaunganisha majina hayo:

```
("biomedical engineer" OR "biomedical technician") AND dialysis
```

OR na AND huandikwa kwa herufi kubwa. Wakitokea watu watatu tu, huongezwa jina jingine la cheo.

Ujumbe wa kwanza huwa mfupi, ukianza na kilichosomwa kwenye wasifu wake: “Habari za kazi. Nimeona umehudumia mashine za dayalisisi miaka 6. Hospitali yetu Dodoma inatafuta msimamizi wa mashine 12, mshahara kuanzia shilingi milioni 2. Naweza kukupigia Alhamisi jioni?” Mshahara usipotajwa, mwenye kazi tayari hana sababu ya kujibu.