Februari Ndutu, Agosti Tarangire

Mtu akipanga safari ya Tarangire mwezi Februari kwa sababu rafiki yake aliona mamia ya tembo huko mwezi Septemba, atakuta mibuyu, ndege na nyasi ndefu, lakini nyumbu na pundamilia wengi watakuwa wameshahama. Hakuna aliyemdanganya. Amekwenda tu wakati wanyama wamehamia kwingine.

Ili kuwafuata, jiulize mama mwenye kunyonyesha anataka nini. Mvua zikinyesha, maji hupatikana kila mahali, kwa hiyo kinachomvuta ni majani. Nyasi za kando ya Mto Tarangire zina fosforasi kidogo, na za tambarare ya Simanjiro, nje ya hifadhi, zinayo zaidi. Ndiyo maana nyumbu wa Tarangire huenda Simanjiro. Wenzao wa Serengeti, zaidi ya milioni moja, hushuka kusini hadi Ndutu, kwenye nyasi fupi zilizoota juu ya majivu ya volkano za Ngorongoro. Hapo huzaa kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, wengi wao ndani ya wiki chache za Februari, na simba, duma na fisi hawakai mbali.

Kiangazi kikiingia, maji ndiyo huamua. Tambarare za Ndutu hazina mto wa kudumu, na maziwa yake ni ya magadi. Nyumbu huelekea magharibi, kisha kaskazini hadi Mto Mara, ambako huonekana tangu Julai hadi Oktoba. Tarangire nayo hujaa upya, kwani mto wake hauishiwi maji.

Sasa tuseme una siku nne kutoka Arusha. Ikiwa ni Februari, ningeiacha Tarangire kabisa na kulala Ndutu usiku zote tatu, kuliko kukimbizana na hifadhi tatu. Ikiwa ni Agosti, siku nne hazitoshi kufika Kogatende kwa gari na kurudi bila kuchoka, maana ni mwendo wa siku nzima na zaidi. Afadhali siku mbili Tarangire, kisha Kreta ya Ngorongoro, ambayo wanyama wake wengi hawahami. (Tarangire vaa nguo za rangi hafifu, mbung'o hupenda buluu na nyeusi.)

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye karatasi ya bei. Sehemu kubwa ya Ndutu iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, si Serengeti. Upande huo gari huruhusiwa kuacha barabara kufuata wanyama, jambo lisiloruhusiwa Serengeti. Ukivuka mpaka, unalipa kiingilio kingine.

Hata tarehe zikiwa sahihi, mvua haifuati kalenda. Ikikatika Ndutu kwa wiki mbili, makundi yanaweza kuondoka na kurudi mawingu yakirudi. Siku chache kabla ya safari, mpigie dereva simu umwulize mvua imenyesha wapi wiki hii.