Mkono wa Idi usiokatwa ada

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, simu za Waswahili wa Ughaibuni huanza kulia. Wa kwanza kukusalimu si jamaa, ni kampuni ya kutuma pesa. Mwaka huu mojawapo imeniandikia kwa Kiswahili safi kabisa: “Mpe mama mkono wa Idi. Tuma bila ada!” Pembeni kuna picha ya sahani ya biriani na mwezi mwandamo. Nami nikiwa Leicester, kwenye baridi, na dada yangu yuko Mombasa anahesabu sare za watoto, ningekataaje?

Basi nikatoa karatasi, nikapiga hesabu. Tuseme siku hiyo bei ya kati ya pauni, yaani ile iliyo katikati ya bei ya kununulia na ya kuuzia sokoni, ni shilingi 170 za Kenya. Nina pauni 200. Kampuni ya biriani hainikati ada hata senti, ila yenyewe inaipokea pauni yangu kwa shilingi 164. Dada atapata 32,800. Kampuni nyingine, isiyo na biriani wala mwezi, inakata ada ya pauni 2 kwanza, kisha zile 198 zilizobaki inazibadilisha kwa 169. Dada atapata 33,462. Hiyo ya “bila ada” imempunja shilingi 662, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba amekatwa.

Ndiyo siri ya biashara hii. Pesa huliwa milango miwili, ada na bei ya kubadilishia, na tangazo la sikukuu hufunga mlango mmoja kwa kishindo ili usisikie wa pili ukifunguliwa. Kwa hiyo mie siulizi tena “ada ni ngapi?” Naangalia shilingi zitakazofika, nazigawa kwa pauni zote zilizotoka mfukoni mwangu, kisha jibu nalilinganisha na bei ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo huwekwa wazi kila siku ya kazi. Benki ya Dunia imekuwa ikifuatilia gharama hizi miaka na miaka, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo imekuwa ghali kuliko kanda zote: kutuma dola 200 kumekuwa kukila kiasi cha asilimia 8. Shabaha ya Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030.

Nisiwe mchoyo wa sifa, kuna ofa zinazolipa kweli. Kampuni nyingi humpa mteja mgeni bei nzuri mno anapotuma mara ya kwanza, pengine hata kushinda bei ya kati, kwa kuwa zinamnunua mteja. Ila bei hiyo huwa na kikomo cha kiasi, na ukirudi mwezi ujao unakuta imeshuka. Ofa ya namna hiyo itumie siku ya kutuma fungu kubwa, usiimalizie kwenye pauni 20 za majaribio.

Mimi yangu niliimaliza kijinga zaidi. Mwaka fulani nilituma Jumamosi usiku, Idi ikitarajiwa kesho yake. Wikiendi soko la fedha limefungwa, na baadhi ya kampuni hupunguza bei ili zijikinge hadi Jumatatu. Hilo nililivumilia. Lakini nilikuwa nimeandika Fatma, na laini ya dada imesajiliwa Fatuma. Herufi moja tu! Muamala ukasimamishwa ukaguliwe, na wakaguzi nao walikuwa wikiendi. Jumanne nikaufuta nitume upya, nikaambiwa namba ya ofa imeshatumika.

Katika pesa zile mlikuwa na fungu la zaka ya fitri, nililomwomba dada anitolee huko nyumbani, na zaka hiyo sharti itoke kabla ya swala ya Idi. Baada ya swala inahesabiwa sadaka tu. Dada alikopa dukani akanitolea, na watoto wakapewa mkono wa Idi wa ahadi.

Siku hizi natuma mapema, Jumanne au Jumatano, na jina nalinakili kama lilivyotokea kwenye M-Pesa yake, hata kama mie na marehemu mama hatujawahi kumwita hivyo. Silipi kwa kadi ya mkopo pia, maana benki nyingine huhesabu umechukua taslimu, ikakutoza riba tangu siku hiyohiyo.

Mwaka huu nikaiacha biriani, nikalipa pauni zangu 2. Dakika chache baadaye dada akanijibu: “Zimefika kaka, Allah akuzidishie. Na ya kutolea je?”