Sherehe ya Hadithi: Namna ya Kusoma Fat-hul Bari Pamoja na Bukhari

Mwishoni mwa diwani nyingi za ushairi wa Kiswahili kuna kurasa ziitwazo sherehe, ambamo maneno magumu hufafanuliwa. Neno hilo ndilo hilo la Kiarabu, sharhu, linalotumika kwa vitabu vinavyofafanua mikusanyo ya hadithi. Sherehe maarufu kuliko zote za Sahihi Bukhari ni Fat-hul Bari ya Ibn Hajar al-Asqalani. Aliianza Kairo mwaka 817 Hijria akaikamilisha mwaka 842, na kukamilika kwake kukafanyiwa karamu kubwa.

Anayekifungua kitabu hiki kwa mara ya kwanza hushangaa, kwani hakisomeki kama hadithi inayosimuliwa upya. Ibn Hajar hudokoa maneno mawili matatu ya Bukhari, akayatanguliza kwa neno "kauluhu", yaani "kauli yake", kisha akaeleza. Akimaliza hurukia maneno mengine. Kwa hiyo asiyekuwa na matini mbele yake atapata majibu bila kujua maswali. Anza na matini: isome hadithi yote, pamoja na majina ya wapokezi na kichwa cha mlango iliomowekwa. Andika kinachokutatiza, ndipo uifungue sherehe.

Tuchukue hadithi ya kwanza kabisa, ile ya nia, ambayo wanafunzi wengi wa madrasa wanaijua kutoka Arubaini ya Imamu Nawawi. Mtume (S.A.W.) anafundisha kwamba matendo hutegemea nia, kisha anatoa mfano wa mtu anayehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na wa anayehama kwa ajili ya dunia au mwanamke wa kumuoa. Ukiisoma kwa makini katika Bukhari, mambo mawili yatakukwaza. Kwanza, mlango wenyewe unahusu jinsi wahyi ulivyoanza; nia inaingiaje hapo? Pili, sehemu ya anayehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume haipo. Imebaki ile ya dunia na mwanamke tu.

Hapo ndipo sherehe inapofaa. Kuhusu mlango, Ibn Hajar anakusanya maelezo ya waliomtangulia, likiwemo la kwamba Bukhari aliiweka hadithi hii kama hotuba ya kufungulia kitabu. Kuhusu sehemu iliyokosekana, analeta rai zinazopingana. Kuna aliyemlaumu Bukhari, kwa kuwa shekhe wake al-Humaidi aliipokea hadithi ikiwa kamili. Wengine wakasema huenda Bukhari aliiacha makusudi, asije akaonekana anajisifu nia yake mwanzoni mwa kitabu. Hizi ni rai za wanavyuoni. Mkononi mwako una kipimo kingine: hadithi hiyo imo mara saba katika Sahihi. Fungua namba 54, katika Kitabu cha Imani, uilinganishe na namba 1. Utaiona sehemu iliyokosekana, na utajua kwamba haikupotea.

Kuna jambo la tatu, na ndilo linalowateleza wengi. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba hadithi hii ilisemwa kwa sababu ya mtu aliyehama ili amuoe mwanamke aitwaye Ummu Qais. Itafute habari hiyo katika matini: haimo. Ibn Hajar anaitaja, anakubali kwamba kisa cha mhamaji huyo kimepokewa kwa sanadi nzuri, lakini anaongeza kwamba hakuna katika mapokezi hayo panapoonyesha kuwa hadithi ya nia ilisemwa kwa ajili yake. Anayesoma sherehe mbiombio hukamata kisa na kuliacha onyo. Kisha hukihadithia kana kwamba ni sehemu ya maneno ya Mtume. Dawa yake ni kujiuliza kila unapofika penye jambo: nani anasema hapa? Ni Mtume, ni mpokezi, ni Bukhari, au ni mfafanuzi?

Mtego wa mwisho umo katika uchapaji. Sahihi Bukhari ilitufikia kwa nakala za wapokezi kadhaa, zenye tofauti ndogo ndogo za maneno. Ibn Hajar aliegemea zaidi nakala ya Abu Dharr al-Harawi, wala hakuiweka matini kamili ndani ya sherehe yake. Wachapishaji ndio walioiweka juu ya ukurasa baadaye, na matini waliyoichagua si lazima iwe ile aliyokuwa akiifafanua. Ndiyo maana utakuta "kauluhu" ikifuatwa na neno usilolipata hapo juu. Usidhani mfafanuzi amekosea. Endelea mistari michache, kwani mara nyingi mwenyewe atakwambia ni nakala ya nani yenye neno hilo, na utakuwa umejifunza kitu ambacho matini peke yake isingekufundisha.